Kaya moja ya Kadutu, alama tatu tofauti: kuandika uchambuzi wa data ili mwingine aweze kuurudia

Karibu kila memwari ninayopewa kusoma hapa Bukavu ina sentensi moja ambayo nimeshaizoea: data zilikusanywa kwa KoboToolbox, zikasafishwa katika Excel, zikachambuliwa kwa SPSS. Baada ya hapo mwandishi anaruka moja kwa moja hadi sura ya matokeo. Ukimuuliza, anakujibu kwa heshima zote: "Asistanti, nimeisha andika programu yenye nilitumia. Kunabakia nini?"

Kunabakia karibu kila kitu. Jina la programu linamwambia msomaji ulikuwa umekaa mbele ya kioo gani. Halimwambii uliamua nini. Na uchambuzi wa data ni mfululizo wa maamuzi madogo, mengine makubwa kuliko yanavyoonekana. Mwandishi anayafanya mchana mmoja, anayasahau, halafu anabaki na jedwali ambalo hata yeye mwenyewe hawezi kulitengeneza tena baada ya mwaka.

Ninataka kulionyesha hili kwa kipimo kimoja tu, kwa sababu ndicho ninachokutana nacho mara nyingi katika memwari za afya ya jamii, kilimo na maendeleo hapa kwetu: alama ya ulaji wa chakula. Ni kipimo cha PAM, Programu ya Chakula Duniani, na mwongozo wake unaotumiwa sana ulitoka mwaka 2008. Kinaonekana rahisi kabisa. Unaiuliza kaya: katika siku 7 zilizopita, mlikula kila aina ya chakula siku ngapi? Vyakula vinawekwa katika makundi, idadi ya siku za kila kundi inazidishwa kwa uzito wake, kisha unajumlisha. Nafaka, mihogo na viazi vina uzito wa 2. Maharage na jamii yake, 3. Mboga 1, matunda 1. Nyama, samaki na mayai 4. Maziwa 4. Sukari na mafuta, nusu kila kimoja. Viungo havina uzito wowote. Jumla ndiyo alama, na alama inaiweka kaya katika tabaka moja kati ya matatu: ulaji duni, ulaji wa mpakani, au ulaji unaotosha.

Sasa tuchukue kaya moja ya mfano, niliyoitunga ila ingeweza kuwa ya avenyu yoyote ya Nyamugo au Cimpunda, katika komuni ya Kadutu. Wiki hiyo walikula bugali siku 7 na mchele siku 4. Maharage siku 2. Sombe siku 6. Matunda siku 1. Sambaza siku 1. Maziwa hawakupata. Sukari siku 2, mafuta ya mawese siku 7.

Mchambuzi wa kwanza anaweka bugali na mchele katika kundi moja, anajumlisha, anapata siku 11. Lakini wiki ina siku 7, na mwongozo unasema jumla ya kundi ikipita 7 irudishwe kuwa 7. Anafanya hivyo: 7 mara 2 ni 14. Maharage 6, sombe 6, matunda 1, sambaza 4, sukari 1, mafuta 3.5. Jumla ni 35.5.

Mchambuzi wa pili anasahau kikomo cha siku 7, au hajui kama kipo. Kwake wanga ni 11 mara 2, yaani 22. Alama ya kaya ileile inakuwa 43.5.

Mchambuzi wa tatu anaweka kikomo vizuri, ila amesoma karatasi ya maswali kwa makini na kuona kwamba sambaza zile zilikuwa konzi moja iliyotwangwa ndani ya sombe ya kaya nzima. Mwongozo unaelekeza kwamba samaki wa kiasi kidogo namna hiyo, anayetiwa ili kuleta ladha, ahesabiwe kama kiungo. Uzito wake unakuwa sifuri. Alama inashuka hadi 31.5.

Alama ni tatu, na kaya haijabadilisha hata kijiko kimoja cha chakula. Wachambuzi hao wote watatu wangeweza kuandika sentensi ileile katika sura ya mbinu: "Alama ya ulaji ilikokotolewa kufuatana na mwongozo wa PAM." Wa tatu angekuwa mkweli. Wa kwanza na wa pili wangeamini kwamba ni wakweli. Msomaji hana njia ya kuwatenganisha.

Halafu kuna mipaka ya matabaka, na hapa ndipo memwari nyingi za Kivu zinapoteleza. Mipaka ya kawaida ni 21 na 35: alama hadi 21 ni ulaji duni, kutoka 21.5 hadi 35 ni mpakani, na zaidi ya 35 unatosha. Lakini ipo mipaka mingine, 28 na 42, ya maeneo ambako watu wanatumia mafuta na sukari karibu kila siku. Sababu yake inaeleweka kwa hesabu ndogo. Mafuta siku 7 kwa uzito wa nusu ni 3.5, na sukari siku 7 ni 3.5 nyingine. Pamoja ni 7. Kaya inayokula bugali na sombe tu, lakini yenye mafuta na sukari kila siku, inapandishwa alama 7 bila mlo wake kuwa bora. Ndiyo maana mipaka yote miwili inasogezwa juu kwa 7.

Je, Bukavu tutumie ipi? Mafuta ya mawese yako ndani ya sufuria karibu kila siku, hilo halina ubishi mkubwa. Sukari ni habari nyingine. Kuna nyumba zenye chai ya sukari kila asubuhi, na kuna nyumba ambako sukari inanunuliwa siku mwenye nyumba akipata kitu. Kwa hiyo jibu halitoki kichwani mwa mtafiti, linatoka ndani ya data yake: hesabu kwanza wastani wa siku za mafuta na wa siku za sukari katika kaya zote, uziandike namba hizo mbili katika sura ya mbinu, kisha utaje mipaka uliyochagua na sababu. Ufanye hivyo kabla hujaona ni kaya ngapi zimeangukia kila tabaka. Anayechagua mipaka baada ya kuona matokeo, hata kama nia yake ni safi, atavutwa na jedwali linalopendeza zaidi.

Rudi kwa kaya yetu. Kwa mchambuzi wa kwanza, alama 35.5 ni ulaji unaotosha kwa mipaka ya 21 na 35, lakini ni wa mpakani kwa 28 na 42. Kwa wa pili, unatosha kwa mipaka yote. Kwa wa tatu, ni wa mpakani kwa mipaka yote. Mtafiti wa Goma anayetaka kulinganisha Karisimbi na Kadutu, akiwa na memwari yako tu mkononi, atalinganisha nini na nini? Anaweza kuandika kwamba Goma wanakula vibaya kuliko Bukavu, kumbe tofauti yote imetoka kwenye kikomo cha siku 7.

Basi kwa kipimo hiki ninaomba mambo machache yaandikwe wazi: ni vyakula gani viliingia kundi gani (ndizi za kupika ziko na wanga, ndizi mbivu ziko na matunda, na muulizaji aliambiwa hivyo?), siku za kundi zilijumlishwaje na kikomo kiliwekwa wapi, samaki na maziwa ya kiasi kidogo yalihesabiwaje, na mipaka ya matabaka ni ipi kwa sababu gani. Ni aya moja. Haizidi nusu ukurasa.

Kuna jambo la pili ambalo linajificha zaidi, kwa sababu halionekani kama uamuzi kabisa. Ni nafasi tupu.

Kaya imejibu maswali yote isipokuwa la maziwa. Kwenye faili la Kobo seli hiyo iko tupu. Utupu huo una maana gani? Inawezekana muulizaji aliruka swali kwa sababu aliona hawana ng'ombe wala pesa. Hapo kwa kweli ni siku 0. Inawezekana mama aliitwa nje, swali likasahauliwa, na hapo hatujui. Inawezekana pia fomu yenyewe ilipangwa isionyeshe swali la siku kwa mtu aliyejibu "hapana" katika swali la mwanzo la kama walikula maziwa, na hapo tena ni 0. Faili halitakuambia. Fomu itakuambia, na ndiyo sababu fomu ile ya Kobo, pamoja na masharti yake ya kuruka maswali, inapaswa kuwa kwenye kiambatisho cha memwari.

Sasa mwandishi anaandika: "Siku zilijumlishwa." Neno hilo halifanyi kazi moja katika kila programu. Katika Excel, ukijumlisha seli mbili na moja iko tupu, Excel inaihesabu tupu kama sifuri na kukupa jibu bila kulalamika. Katika R, namba ikijumlishwa na `NA` jibu ni `NA`, na kaya nzima inakosa alama. Katika SPSS, ukiandika `a + b` na kimoja hakipo, jibu linakosekana, lakini ukitumia `SUM(a, b)` programu inajumlisha kilichopo na kukupa namba. Katika Stata, `a + b` inakosekana, wakati `egen` yenye `rowtotal` inakichukua kinachokosekana kama sifuri. Kwa faili moja, njia mbili za "kujumlisha" zinakupa idadi mbili za kaya zenye alama, na wastani mbili.

Stata ina mtego mwingine unaostahili kutajwa kwa sababu hautoi onyo lolote. Ndani yake, thamani inayokosekana ni kubwa kuliko namba yoyote. Ukiamuru kila kaya yenye `alama > 42` iitwe "unatosha", kaya zisizo na alama zote zinaingia humo. Nyumba ambayo hatukupata habari zake inakuwa nyumba inayokula vizuri. Ukitaka kujua kama mtego huo umekupata, hesabu kaya zenye alama, kisha hesabu kaya zenye tabaka. Idadi zikitofautiana, kuna watu wameingia kwa dirisha.

Ndugu yake wa karibu ni namba 99. Fomu nyingi zinaitumia kwa "sijui". Asiyeifuta kabla ya kukokotoa anapata kaya iliyokula maharage siku 99 kwa wiki, yenye alama ya mamia. Dawa yake ni kuangalia namba ndogo kabisa na kubwa kabisa ya kila safu ya siku: ikitoka nje ya 0 hadi 7, simama. Na ukiandika, usiseme tu kwamba data "zilisafishwa". Sema uliangalia nini, ukakuta nini, ukafanya nini.

Hapo tunafika kwenye idadi ya kaya, ambayo mimi ndiyo ninayoitafuta kwanza nikishika memwari ya mtu. Kurasa za mwanzo zinasema kaya 312. Jedwali la kwanza lina 302. Jedwali la regresioni lina 268. Hakuna mahali panapoeleza wengine walikwenda wapi. Aya inayotakiwa ni fupi na inaweza kusomeka hivi (namba ni za mfano): "Faili lililopakuliwa lina mistari 312. Mistari 6 ya siku ya mafunzo ya waulizaji iliondolewa kwa kufuata tarehe. Kaya 4 zilikuwa zimetumwa mara mbili. Tulibakiza fomu iliyotumwa mwisho kwa kuangalia `_submission_time`. Zilibaki 302. Kaya 11 zilikosa jibu la angalau kundi moja la chakula na hazikupewa alama. Uchambuzi wa alama unahusu kaya 291." Mtu mwenye faili lako anaweza kuifuata njia hiyo hatua kwa hatua. Akipata 293, anajua mtatofautiana hatua ipi, na mnaweza kuzungumza.

Regresioni ndiyo sehemu ambayo wanafunzi wanaiogopa zaidi, na ndiyo sehemu wanayoiandika kwa maneno machache zaidi. Tuseme mwanafunzi anataka kujua kama chanzo cha mapato cha kaya kinahusiana na ulaji usiotosha. Anatumia regresioni ya lojistiki, anatoa uwiano wa odi, basi. Ninamwuliza maswali mawili ya mwanzo: upande wa 1 ni upi, na kundi la kulinganishia ni lipi?

Upande wa 1, kwa sababu mwingine anaweka "ulaji unatosha" kuwa 1 na mwingine anaweka "hautoshi". Kundi la kulinganishia, kwa sababu programu inakuchagulia usipochagua mwenyewe, na hazichagui sawa. SPSS kwa kawaida yake inachukua kundi la mwisho. Stata inachukua lenye namba ndogo kabisa. R inachukua la kwanza, na kama makundi yaliingia kama maneno, la kwanza ni kwa mpangilio wa alfabeti. Vyanzo vikiwa viwili tu, mshahara na kazi ya siku, uwiano wa 2 katika programu moja utakuwa 0.5 katika nyingine. Hesabu ni sahihi pande zote, ila msomaji asiyejua kundi la kulinganishia atausoma ukweli kinyume. Sentensi inayotosha: "Kundi la kulinganishia ni kaya zenye mshahara wa kila mwezi, uwiano unaozidi 1 una maana kwamba odi za ulaji usiotosha ni kubwa kuliko za kundi hilo."

Swali la tatu linahusu namna vigezo vilivyoingia katika modeli. Wengi wanaandika kwamba vigezo "vyenye uhusiano" viliingizwa. Uhusiano wa kiwango gani? Kama ulijaribu kigezo kimoja kimoja ukabakiza vile vyenye p chini ya 0.20, sema 0.20. Kama uliamua tangu mwanzo, kwa sababu ya maandiko uliyosoma, kwamba ukubwa wa kaya na elimu ya mama lazima viwemo, sema hivyo. Mimi ninaipenda njia hii ya pili, na ninaisisitiza kwa wanafunzi wangu: orodha iliyoamuliwa kabla ina sababu unayoweza kuitetea siku ya kutetea memwari, wakati orodha iliyochujwa kwa p inabadilika ukiongeza kaya 20 tu. Lakini kwa suala la kurudia uchambuzi, zote mbili zinarudiwa, mradi zimeandikwa. Isiyoweza kurudiwa ni ile ya tatu, ya kujaribu huku na huku mpaka jedwali likae vizuri, halafu kuandika modeli ya mwisho peke yake.

Kuna swali la nne ambalo linahusu mji wetu moja kwa moja. Karibu hakuna anayechukua kaya kwa kura kutoka orodha ya mji mzima, kwa sababu orodha hiyo haipatikani. Tunachagua kartie, ndani ya kartie tunachagua avenyu, ndani ya avenyu tunapiga hatua kutoka nyumba hadi nyumba. Kaya 15 za avenyu moja hazina habari 15 zinazojitegemea. Wananunua kwenye soko dogo lilelile, maporomoko yakifunga njia yanawafungia wote, bei ya bugali ikipanda inawapandia siku moja. Ukichambua kana kwamba kila kaya iliokotwa peke yake, makosa sanifu ya makadirio yanakuwa madogo mno na p zinapendeza kuliko haki yake. Katika Stata marekebisho ni maneno machache mwishoni mwa amri, `vce(cluster avenue)`, na R inayo njia yake kupitia paketi `survey`. Sura ya mbinu iseme kama ulirekebisha, kwa ngazi gani, na avenyu zilikuwa ngapi. Idadi hiyo ni ya lazima kwa sababu avenyu zikiwa chache, tuseme 20, hata marekebisho yenyewe yanaelekea kubana makosa sanifu kuliko inavyostahili, na anayesoma anahitaji kulijua hilo.

Mambo haya yote hayatoshi ndani ya sura, na si lazima yatoshe. Mgawanyo ninaoupendekeza ni huu: sura inabeba maamuzi na sababu zake kwa sentensi kamili, kiambatisho kinabeba amri zenyewe. Kwa alama ya ulaji, amri za R ni mistari hii michache:

```r
wanga <- c("bugali", "mchele", "viazi", "ndizi_kupika")
d$wanga <- pmin(rowSums(d[, wanga]), 7)
d$alama <- 2*d$wanga + 3*d$maharage + d$mboga + d$matunda +
  4*d$nyama + 4*d$maziwa + 0.5*d$sukari + 0.5*d$mafuta
d$tabaka <- cut(d$alama, c(-Inf, 28, 42, Inf),
  labels = c("duni", "mpakani", "unatosha"))
```

Humo mtu anaona kila kitu: kikomo cha 7 kiko katika `pmin`, mipaka iko wazi, na `rowSums` ilivyoandikwa inaacha `NA` ibaki `NA`. Anaona pia kwamba alama ya 28 kamili iko duni, si mpakani. Anayetumia SPSS kwa kubofya bofya asikate tamaa. Katika madirisha ya uchambuzi kuna kitufe cha `Paste` kinachoandika amri badala ya kuitekeleza. Akikitumia kila mara, mwisho wa siku ana faili la amri tayari. Anayesafisha katika Excel ndiye mwenye kazi ngumu, kwa sababu faili la kawaida la Excel kwenye kompyuta yako haliweki kumbukumbu ya kudumu ya seli iliyobadilishwa kwa mkono. Kwake ninashauri faili lililotoka Kobo lisiguswe kabisa, na kila badiliko liandikwe kwenye karatasi ya pili: `_uuid` ya kaya, safu, thamani ya zamani, mpya, na sababu.

Toleo la programu nalo liandikwe, na si kwa ajili ya mapambo. R ilipofika toleo la 3.6.0, mwaka 2019, ilibadilisha namna ya `sample()` ya kuchagua kwa bahati nasibu. Kwa hiyo `set.seed(123)` ileile inakupa uchaguzi mwingine kabla na baada ya toleo hilo. Kama uchambuzi wako hauna bahati nasibu ndani yake, namba zako zote zinapaswa kurudi zilezile hadi desimali ya mwisho uliyoandika kwenye jedwali. Kama ina bahati nasibu, taja mbegu uliyoweka katika `set.seed` na toleo.

Na namna ya kupima kama sura imetosha ni moja tu ninayoiamini. Mpe mwenzako wa promosheni, asiye katika utafiti wako, vitu viwili: faili ghafi na sura ya mbinu. Amri usimpe. Mwambie atengeneze jedwali lako la kwanza na modeli moja, nawe usiwe karibu. Kila akikupigia simu kuuliza, usimjibu kwa mdomo: andika swali lake pembeni mwa sura, kisha weka jibu ndani ya sura. Maswali ya mwanzo huwa yaleyale: nianze na mistari mingapi, 99 nifanyeje, tupu ni sifuri? Akifika kwenye idadi yako ya kaya na wastani wako wa alama bila kupiga simu, sura imekamilika. Asipofika, linganisheni hatua kwa hatua kuanzia idadi ya mistari. Msianzie kwenye regresioni, kwa sababu tofauti ya huko mara nyingi imezaliwa mapema zaidi.

Faili hilo unalompa liwe limeondolewa majina, namba za simu na alama za mahali. Kobo inarekodi latitudo na longitudo ya kila nyumba kama fomu iliomba, na katika jimbo letu orodha inayoonyesha nyumba gani ina mshahara na nyumba gani haina, pamoja na mahali ilipo, haifai kuzunguka kwenye vifunguo vya yuesibi. Weka namba ya kaya na namba ya avenyu badala ya jina lake, maana bila avenyu marekebisho ya makosa sanifu hayawezi kurudiwa. Uandike katika sura kwamba ndivyo ulivyofanya, na safu zipi ziliondolewa, ili mtafiti wa Goma akifungua faili asizitafute.